Kusoma slaidi ya ugavi na mahitaji: kwa nini bei ya msawazo huhama mkunjo mmoja ukisogea

Slaidi yenyewe karibu kila mara ni ileile. Mistari miwili, ambayo wachumi huiita mikunjo, imekatizana kama mkasi: wa mahitaji unashuka kuelekea kulia na wa ugavi unapanda. Mhadhiri anabofya, mstari wa tatu unatokea sambamba na mmojawapo, nukta ya makutano E1 inapata mwenzake E2, na sauti inasema, "Kwa hiyo bei inapanda." Slaidi inayofuata. Mwanafunzi amenakili mchoro vizuri kabisa, lakini siku ya mtihani akiulizwa kwa nini bei imepanda, anaandika: "Kwa sababu mkunjo umehama."

Hajajibu swali. Mkunjo hauna mkono wa kusukuma bei. Bei husukumwa na wanunuzi na wauzaji, na kati ya mbofyo wa kwanza na wa pili kuna hatua yao iliyorukwa. Hatua hiyo ni pengo linalofunguka kwenye bei ya zamani. Ukijifunza kulitafuta pengo hilo kwenye slaidi yoyote, utaweza kueleza mchoro ambao hujawahi kuuona.

Kwanza, soma mihimili kabla ya mikunjo

Bei iko kwenye mhimili wima, kiasi kiko kwenye mhimili mlalo. Jambo hili huwachanganya hasa waliozoea hisabati, ambako kitu kinachosababisha huwekwa chini na kinachosababishwa huwekwa wima. Hapa mambo yamegeuzwa: tunauliza "kwa bei hii, watu watanunua kiasi gani?" na bado bei imesimama wima. Mpangilio huu ulienezwa na mchumi Mwingereza Alfred Marshall katika kitabu chake cha mwaka 1890, na vitabu vya uchumi vimeufuata mpaka leo.

Kwa hiyo jicho lina njia yake. Anza kushoto kwenye bei, nenda mlalo mpaka ugonge mkunjo, kisha shuka mpaka kwenye kiasi. Kushoto, mlalo, chini. Fanya hivyo kwa mkunjo wa mahitaji, D, halafu rudi kwenye bei ileile ufanye hivyo kwa mkunjo wa ugavi, S. Mtu anayeanzia chini na kupanda juu atapata namba sahihi, ila atakuwa anajibu swali jingine, na maelezo yake yatapinda bila yeye kujua.

Angalia pia kiasi ni cha muda gani. Vipande 60 kwa wiki na vipande 60 kwa mwaka ni masoko mawili tofauti, na slaidi nyingi haziandiki. Ikiwa haijaandikwa, amua wewe na uandike pembeni.

Pili, uelewe msawazo wa mwanzo kabla ya kuuhamisha

Tuchukue soko la miavuli, tuhesabu kwa wiki, na bei tuipime kwa vizio vya fedha tu. Slaidi imetupa mikunjo hii miwili, Q ikiwa kiasi na P ikiwa bei:

```
D1: Q = 100 - 5P
S1: Q = 10P - 20
```

Usiogope fomula. Ya kwanza inasema bei ikipanda kwa kizio kimoja, wanunuzi hupunguza miavuli 5. Ya pili inasema bei ikipanda kwa kizio kimoja, wauzaji huongeza miavuli 10. Mikunjo inakatizana pale bei ni 8: wanunuzi wanataka 100 kutoa 40, yaani 60, na wauzaji wanaleta 80 kutoa 20, yaani 60. Hapo ndipo E1.

Sasa jiulize kwa nini bei inatulia kwenye 8 na si kwenye 9. Weka rula mlalo kwenye 9. Wanunuzi wanataka 55, wauzaji wameleta 70. Miavuli 15 inabaki kwenye rafu kila wiki. Muuzaji aliyebaki na mzigo hupunguza bei, na mwenzake akiona wateja wanahamia kule naye hupunguza. Kwenye 7 ni kinyume chake: wanaotaka ni 65, iliyopo ni 50, na wanaokosa wako tayari kuongeza kidogo ili wasitoke mikono mitupu. Kwa hiyo 8 ni bei pekee ambayo hakuna aliyebaki na mzigo na hakuna aliyeitaka kwa bei hiyo akaikosa. Hakuna aliyeipanga. Ni bei ambayo haimpi mtu yeyote sababu ya kuibadilisha.

Ninasisitiza hapa kwa sababu mtu asiyeweza kueleza kwa nini 8 ilitulia hawezi kueleza kwa nini baadaye ilishindwa kutulia. Nguvu inayotufikisha E2 ni hiihii ya ziada na upungufu.

Tatu, tambua kama kuna mkunjo uliohama kweli

Slaidi itakupa habari fulani: "mvua zimeanza," au "kitambaa cha miavuli kimepanda bei." Swali la kuuliza ni moja. Je, habari hii inabadilisha kiasi ambacho watu wangetaka au kuuza *bei ikiwa ileile?* Kama ndiyo, mkunjo mzima unahama. Kama kilichobadilika ni bei ya mwavuli wenyewe, hakuna mkunjo uliohama. Tumetembea tu juu ya mkunjo uliopo, kutoka nukta moja hadi nyingine.

Mvua hubadilisha kiasi kinachotakiwa kwa kila bei, kwa hiyo D inahama kwenda kulia. Vivyo hivyo kipato cha wanunuzi, bei ya bidhaa mbadala kama makoti ya mvua, idadi ya wanunuzi, au matarajio kwamba bei itapanda kesho. Kwa upande wa S ni gharama za kutengeneza, teknolojia, idadi ya wauzaji na kodi. Huna haja ya kukariri orodha hiyo ukishika swali lile moja.

Kosa linalozaliwa hapa nimelisikia mara nyingi mno. Nilikuwa nikimwelekeza kijana mmoja aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani, akaniambia kwa kujiamini: "Mwalimu, mvua inaongeza mahitaji, bei inapanda. Lakini bei ikipanda mahitaji yanapungua, kwa hiyo bei inashuka tena. Mwishowe hakuna kilichobadilika." Ukiisikia harakaharaka unaweza kuikubali. Nilimpa penseli nikamwomba anionyeshe kwenye mchoro yale mahitaji "yanayopungua." Penseli ilitoka E1, ikaruka hadi D2, yaani mkunjo wa mahitaji baada ya kuhama, kisha ikaanza kurudi kuelekea D1. Pale nikaisimamisha. "Kuna kitu gani kinachourudisha mkunjo? Mvua imekatika?" Akatazama mchoro, akasema, "Hapana, mvua bado ipo." Basi mkunjo unabaki ulipo. Bei inapopanda, wanunuzi hupanda *juu ya D2*, wakipunguza kiasi wanachotaka, lakini D2 haibanduki. Neno "mahitaji" alilitumia mara mbili kwa maana mbili, mara ya kwanza mkunjo mzima, mara ya pili nukta moja juu yake. Ili kuepuka mtego huo, mkunjo unapohama sema "mahitaji yameongezeka," na tunapotembea juu yake sema "kiasi kinachotakiwa kimepungua."

Nne, weka rula kwenye bei ya zamani

Hii ndiyo hatua inayorukwa na slaidi. Tuseme mvua zimewafanya wanunuzi watake miavuli 30 zaidi kwa kila bei:

```
D2: Q = 130 - 5P
```

Usikimbilie E2. Funika E2 kwa kidole ikibidi. Weka rula mlalo kwenye bei 8, ambayo wauzaji bado wanaitoza asubuhi ile mvua ilipoanza, kisha soma mara mbili. Rula inagonga S1 kwenye 60. Inagonga D2 kwenye 90. Kati ya 60 na 90 kuna pengo la miavuli 30: watu wanaoitaka kwa bei 8, wana fedha mkononi, na hawaipati.

Pengo hilo ndilo linalosukuma bei. Rafu zinakwisha mapema, wateja wanauliza, muuzaji anagundua angeweza kutoza zaidi na bado akamaliza mzigo. Bei inaanza kupanda. Inapopanda, mambo mawili hutokea kwa pamoja: wanunuzi wanapunguza miavuli 5 kwa kila kizio cha bei, na wauzaji wanaongeza 10. Kwa hiyo kila kizio kimoja cha bei kinaziba miavuli 15 ya pengo.

Fuata rula ikipanda. Kwenye bei 9, wanaotaka ni 85 na inayoletwa ni 70, pengo limebaki 15. Kwenye bei 10, wanaotaka ni 80 na inayoletwa ni 80. Pengo limekwisha, na hakuna tena anayesukuma. Hapo ndipo E2, na sasa unaweza kuondoa kidole.

Angalia kitu kimoja ambacho slaidi haisemi. Mkunjo ulihama kwa 30, lakini kiasi kilichouzwa kimepanda kwa 20 tu, kutoka 60 hadi 80. Miavuli 10 iliyopungua ni ya wale ambao, bei ilipofika 10, waliona heri walowe. Umbali kati ya mikunjo ya D si ongezeko la kiasi, na anayepima ongezeko kwa kuangalia nafasi iliyopo kati ya D1 na D2 atakosea kila mara, isipokuwa S iwe mlalo kabisa.

Angalia pia namna ongezeko la bei lilivyopatikana: pengo la 30, likigawanywa kwa 15 zinazozibwa na kila kizio, ni 2. Kwa mistari iliyonyooka hesabu hii inafanya kazi siku zote, nayo inajibu swali ambalo wengi hawajui hata kuliuliza, yaani bei itapanda *kwa kiasi gani*. Tuseme wauzaji hawawezi kuongeza chochote wiki hii, mzigo ni 60 tu na S imesimama wima kama ukuta. Sasa pengo lilelile la 30 linazibwa na wanunuzi peke yao, 5 kwa kila kizio, na bei inalazimika kupanda kwa 6, hadi 14. Mvua ni ileile na D2 ni ileile, bei mpya ni tofauti kabisa. Ndiyo maana mwinamo wa mkunjo *ambao haukuhama* una neno kubwa katika jibu.

Tano, rudia kwa upande wa ugavi, na hapa kuwa mwangalifu zaidi

Turudi E1, mvua tuziache. Habari sasa ni kwamba kitambaa kimepanda bei, na kutengeneza kila mwavuli kunagharimu vizio 3 zaidi. Muuzaji aliyekuwa tayari kuleta kiasi fulani kwa bei 8, sasa anataka 11 ili alete kiasi hichohicho. Mkunjo wa ugavi umepanda juu kwa 3:

```
S2: Q = 10P - 50
```

Hapa ndipo macho yanapodanganya. Mstari umepanda, na mwanafunzi anaandika "ugavi umeongezeka." Soma kwa njia yetu: kushoto, mlalo, chini. Kwenye bei 8, rula inagonga S2 kwenye 30, ilhali mwanzoni iligonga S1 kwenye 60. Kwa bei ileile kinaletwa kidogo zaidi, kwa hiyo ugavi umepungua. Mstari kuwa juu zaidi maana yake ni kwamba wauzaji wanadai bei kubwa zaidi. Dawa yake ni kutotumia kabisa maneno "juu" na "chini" kwa kuhama kwa mikunjo. Sema "kulia" kwa kuongezeka na "kushoto" kwa kupungua, kwa mikunjo yote miwili.

Pengo kwenye bei ya zamani tena ni 30: wanunuzi wanataka 60, wauzaji wanaleta 30. Bei inapanda, kila kizio kinaziba 15, na tunatulia kwenye 10. Kiasi sasa ni 50.

Linganisha na mvua. Bei mpya ni ileile, 10. Lakini mvua ilitupeleka kwenye miavuli 80, na kitambaa kimetushusha hadi 50. Basi ukiambiwa tu kwamba bei imepanda kutoka 8 hadi 10, huwezi kujua kilichotokea. Ukiambiwa na kiasi, unajua: bei na kiasi vikipanda pamoja, mahitaji ndiyo yaliyohama; bei ikipanda huku kiasi kikishuka, ni ugavi. Binafsi naona hili ndilo tunda bora la mchoro huu wote, kwa sababu linatuwezesha kusoma soko kinyumenyume, kutoka matokeo hadi chanzo.

Na gharama iliyopanda kwa 3 imepandisha bei kwa 2 tu. Kizio kimoja kilichobaki amekimeza muuzaji. Hakufanya hivyo kwa huruma: angejaribu kutoza 11, wanunuzi wangetaka 45 tu wakati wauzaji kwa bei hiyo wangeleta 60, na mzigo wa 15 ungemrudisha chini. Kwa hiyo kauli kwamba "gharama ikipanda, mteja hulipa yote" hukataliwa na mchoro wenyewe, ila pale mkunjo wa mahitaji unaposimama wima au ule wa ugavi unapolala mlalo.

Sita, sema kwa sauti kwa mpangilio huu

Ukiitwa mbele ya darasa uielezee slaidi, usianze na E2. Anza na habari, kisha mkunjo uliohama na upande ulioelekea, kisha pengo kwenye bei ya zamani, kisha mwenendo wa pande zote mbili mpaka pengo lifunge. Kwa maneno kamili: "Mvua zimewafanya watu watake miavuli zaidi kwa kila bei, kwa hiyo D imehama kulia. Kwenye bei ya zamani ya 8, kinachotakiwa ni 90 na kinacholetwa ni 60, hivyo kuna upungufu wa 30. Upungufu unasukuma bei juu. Inapopanda, wauzaji wanaleta zaidi wakipanda juu ya S, na wanunuzi wanapunguza wakipanda juu ya D2. Kwenye 10 vinalingana, na bei inatulia."

Msikilizaji akikukatiza kuuliza "na kama serikali imekataza kuuza kwa bei zaidi ya 8?", hutababaika, kwa sababu pengo tayari umelitaja. Bei imefungwa, hivyo 30 inabaki 30. Inauzwa miavuli 60 tu, kwa kuwa huwezi kuuza ambayo haikuletwa, na nani apate huamuliwa na foleni au kujuana badala ya bei.

Mikunjo yote miwili ikihama

Slaidi ngumu huhamisha yote kwa wakati mmoja. Usijaribu kuchora kwa mkono mmoja. Fanya mkunjo mmoja kwanza mpaka mwisho, andika mshale wa bei na mshale wa kiasi, kisha fanya wa pili. Mishale inayokubaliana ni jibu. Inayopingana inamaanisha mchoro peke yake hauwezi kusema, mpaka ujue ukubwa wa kila mhamo.

Mfano wa kweli ni kahawa. Julai 1975 baridi kali ya jalidi iliunguza mibuni ya jimbo la Paraná, Brazili. Mavuno ya mwaka huo yalikuwa yamekwisha kuvunwa kwa sehemu kubwa. Kilichoharibika hasa ni mazao ya misimu iliyofuata. Mwanafunzi makini atauliza: kama kahawa ya leo bado iko ghalani, mbona bei ilipanda mara moja? Weka rula kwenye bei ya siku ile. Mwenye ghala anajua mwaka ujao kahawa itakuwa adimu, anaona heri asubiri, na ugavi wa leo unahama kushoto. Mnunuzi anajua jambo lilelile, anataka kujaza akiba sasa, na mahitaji ya leo yanahama kulia. Pengo linafunguka kutoka pande zote mbili kwa pamoja, na mishale yote miwili ya bei inaelekea juu. Mshale wa kiasi mmoja unaelekea kushoto na mwingine kulia, kwa hiyo kuhusu kiasi kilichouzwa wiki ile mchoro unanyamaza. Mavuno mapya yalipokuja yakiwa haba kweli, S ya misimu hiyo nayo ilikuwa kushoto, na bei iliendelea kupanda hadi ikafika kilele mwaka 1977.